Namba Ileile, Bei Mbili

Shemeji yangu ana duka la vipuri Morogoro, dakika chache kutoka stendi ya Msamvu. Anauza minyororo, viatu vya breki na plagi, lakini kinacholisha nyumba ni beringi: za magurudumu ya bodaboda, za mashine za kusaga, za pampu za maji. Kwa miaka mingi amekuwa akichukua mzigo kwa muuzaji mmoja wa jumla jijini Dar es Salaam, ambaye hapa nitamwita A. Mwaka huu kajitokeza wa pili, B, akamtumia orodha yake ya bei kwa WhatsApp, faili la PDF lenye bidhaa 187. Orodha ya A, iliyokuwa tayari kwenye Excel, ina bidhaa 212.

Jumamosi moja akanipigia simu. “Shem, huyu B simwelewi. Kuna vitu anauza bei ya kutupa, halafu 6301-2RS, beringi ya tairi la pikipiki, eti 14,500! A ananipa kwa 2,800. Nimetumia ile fomula uliyonionyesha.”

Nikamwomba asiagize kitu kwanza, anitumie faili.

Fomula niliyokuwa nimemwonyesha ni VLOOKUP. Kazi yake ni ileile anayoifanya mtu mwenye karatasi mbili za bei mezani: unasoma namba ya bidhaa kwenye karatasi ya kwanza, unateremsha kidole kwenye karatasi ya pili mpaka uione namba hiyo, kisha unasogea kulia kusoma bei. Tofauti ni kwamba kidole cha fomula hakichoki. Yeye alikuwa ameandika hivi:

```
=VLOOKUP(A2,BEI_B!$A$2:$C$188,3)
```

Yaani: chukua namba iliyo kwenye seli A2, itafute katika safu ya kwanza ya karatasi inayoitwa BEI_B, kisha niletee kilichomo kwenye safu ya tatu, yaani bei. Alama za dola zinazuia eneo la kutafutia lisiteleze unapoburuta fomula kwenda chini. Hayo yote aliyapata. Alichosahau ni neno moja la mwisho:

```
=VLOOKUP(A2,BEI_B!$A$2:$C$188,3,FALSE)
```

Usipoandika FALSE, Excel huchukulia kwamba umeridhika na kitu kinachokaribia. Haitafuti namba yenyewe. Inadhani orodha imepangwa kuanzia ndogo kwenda kubwa, inaruka huku na huko katikati yake, na isipoipata namba yako inakupa ile iliyo chini yake kidogo. Utaratibu huo una maana kwenye jedwali la viwango vya kodi ya mshahara, ambako mtu anayepata kiasi fulani huangukia ngazi iliyo chini ya kiasi hicho. Kwenye vipuri ni balaa. B hauzi 6301-2RS kabisa. Katika orodha yake, kabla tu ya mahali ambapo 6301-2RS ingekaa, ipo 6210ZZ, beringi yenye tundu la milimita 50, na bei yake ni 14,500. Ile ya pikipiki ina tundu la milimita 12. Fomula ilimletea shemeji bei ya beringi kubwa kama sahani ya chai na kumwambia hii hapa ya pikipiki.

Kosa hili halitoi alama yoyote nyekundu. Linaweka tarakimu safi kwenye seli, na mwenye duka anaiamini. Ila kuna njia ya kulinusa. Nilihesabu mistari iliyopata bei kwenye faili lake nikakuta 196, ilhali orodha nzima ya B ina bidhaa 187. Hata kama A angekuwa na kila anachouza B, hesabu hiyo isingetimia. Ukiona wauzaji wawili tofauti wanafanana karibu kila mstari bila pengo, rudi uitazame fomula kabla hujaitazama bei.

Nikaongeza FALSE, nikaburuta upya. Mistari iliyopata bei ikashuka kutoka 196 hadi 61. Iliyobaki yote ikajaa #N/A.

Shemeji aliyekuwa amekaa pembeni ya spika ya simu akaguna. “Sasa umeiharibu.”

Haikuwa imeharibika. #N/A maana yake ni “nimetafuta, sijaona”, na hilo ni jibu la kweli. Swali lililofuata ni kwa nini haijaona, maana yeye na mimi tulikuwa tunaiona kwa macho. 6203-2RS ipo kwa A, 6203-2RS ipo kwa B. Mtoto wa darasa la tatu angezioanisha.

Shida ni kwamba fomula haijui beringi. Inajua herufi tu, na inazilinganisha moja baada ya moja. Nikachukua mstari huo mmoja, nikaandika kwenye seli tupu:

```
=LEN(BEI_B!A15)
```

LEN huhesabu herufi zilizomo kwenye seli. 6203-2RS ina herufi 8 ukihesabu na kistari. Jibu lilikuja 9. Kulikuwa na nafasi tupu moja mwishoni, isiyoonekana, iliyotoka kwenye PDF pamoja na maandishi. Na haikuwa nafasi ya kawaida unayoipata ukibonyeza kibao kirefu cha kibodi. Ilikuwa ile nafasi isiyovunja mstari, ambayo kompyuta huitambua kama herufi namba 160. Inapatikana sana kwenye maandishi yaliyonakiliwa kutoka PDF au kwenye tovuti. Fomula ya TRIM, ambayo wengi hufundishwa kwamba inasafisha nafasi, haiigusi hiyo. Nimewahi kupoteza mchana mzima kwa sababu hiyo, nikitumia TRIM na kushangaa kwa nini namba bado hazioani.

Chanzo cha pili kilikuwa mtindo wa kuandika. Mahali pengine A kaandika “6204 ZZ”, B kaandika “6204ZZ”. Kwingine A kaweka kistari, B hakuweka. Kila karani na mkono wake.

Chanzo cha tatu kinawachanganya watu kuliko vyote. Zipo beringi za wazi, zisizo na kifuniko, ambazo namba yake ni tarakimu tupu: 6203, 6204, 6205. Karani wa A alipoandika 6203, Excel iliichukua kama hesabu, kama vile ni shilingi 6203. Kwa B, kwa kuwa imetoka kwenye PDF, 6203 imekaa kama maandishi. Machoni ni kitu kimoja. Kwa Excel, hesabu na maandishi ni koo mbili zisizooana kabisa. Utazitambua kwa namna zinavyokaa: kama hakuna aliyegusa mpangilio, hesabu huegemea kulia kwa seli na maandishi huegemea kushoto. Mara nyingi pia maandishi yaliyovaa sura ya hesabu huwekewa kipembetatu kidogo cha kijani kwenye kona.

Hakuna haja ya kurekebisha mstari mmoja mmoja. Nikaweka safu mpya, D, kwenye karatasi zote mbili, nikaipa kichwa “Ufunguo”. Ndani yake:

```
=UPPER(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160),""),
" ",""),"-",""))
```

Isome kuanzia ndani kwenda nje. Ya kwanza inafuta ile nafasi ya ajabu namba 160, ya pili inafuta nafasi za kawaida, ya tatu inafuta vistari, na UPPER inafanya herufi zote ziwe kubwa. Lakini faida yake kubwa haionekani kwenye maandishi hayo: chochote kinachopita ndani ya SUBSTITUTE kinatoka kikiwa maandishi. Kwa hiyo 6203 iliyokuwa hesabu kwa A nayo ikawa maandishi, sawasawa na ya B. Magonjwa matatu, dozi moja. Namba za asili kwenye safu ya A hatukuzigusa, kwa sababu utakapompigia muuzaji kuagiza, unataka kumsomea namba kama yeye anavyoiandika.

Hapo VLOOKUP ikatuletea ugumu wake mwingine. Inatafuta kwenye safu ya kwanza kushoto na kuchukua majibu kulia tu. Ufunguo wetu uko safu D, bei iko C, kushoto kwake. Ungeweza kuhamisha safu, lakini afadhali kutumia fomula mbili zinazoshirikiana:

```
=INDEX(BEI_B!$C$2:$C$188,MATCH(D2,BEI_B!$D$2:$D$188,0))
```

MATCH inatafuta ufunguo na kusema uko mstari wa ngapi. INDEX inakwenda kwenye safu ya bei na kuchukua ya mstari huo. Ile sifuri mwishoni inafanya kazi ya FALSE: ifanane kabisa, la sivyo niambie haipo. Wenye Excel ya 2021 au Microsoft 365 wana XLOOKUP, ambayo ni fupi zaidi na yenyewe hutafuta kinachofanana kabisa bila kuambiwa. Laptopu ya shemeji ina Excel ya 2016, na huko ukiandika XLOOKUP unajibiwa #NAME?, yaani hilo jina silijui. Na kama kompyuta yako inakataa mikato katikati ya fomula, huenda imewekwa kwenye mpangilio wa nchi inayotumia nukta-mkato, badilisha tu.

Mistari iliyooana ikapanda kutoka 61 hadi 139. Shemeji akataka tuishie hapo. Mimi nikataka kuzijua zile 73 zilizobaki.

Ili kuzielewa ilibidi anifundishe yeye. Namba ya beringi, kama hukujua, imebeba umbo lake. Kwenye 6203, ile 6 inasema ni beringi ya gololi ya aina ya kawaida, 2 inasema unene wa familia yake, na 03 ni tundu la milimita 17. Kuanzia 04 kwenda juu unazidisha kwa 5: 04 ni milimita 20, 05 ni 25, na 10 ndiyo ile ya 50. Vipimo hivi ni vya kimataifa, ndiyo maana beringi ya Japani inaingia palepale ilipotoka ya China. Herufi za nyuma ndizo zinazogawanya watu. ZZ ni vifuniko vya bati pande zote mbili. 2RS ni vifuniko vya mpira.

Ila hiyo 2RS si lugha ya kila kiwanda. NTN huandika LLU. NSK huandika DDU. SKF huandika 2RS1, na kwa zile za bati huandika 2Z. A, kama maduka mengi hapa kwetu, anaita zote 2RS na kutaja kiwanda kwenye safu ya jina. B ananakili alichoandika mtengenezaji kwenye boksi. Kwa hiyo 6204-2RS ya NTN kwa A ni 6204LLU kwa B, na hakuna usafi wa nafasi wala vistari utakaozikutanisha.

Hapa ndipo watu hushawishika kukata mkia. Wanaandika fomula inayochukua tarakimu nne za mwanzo tu, na ghafla kila kitu kinaoana. Usifanye hivyo. Utakuwa umelinganisha beringi ya wazi na yenye mpira, na umeifuta C3, ambayo ni alama ya beringi yenye nafasi kubwa zaidi ndani kati ya gololi na njia yake, inayohitajika kwenye mota zinazopata joto. Fundi akiletewa ya kawaida badala ya C3, utaiona tena ikirudi dukani imeungua.

Tulichofanya ni kutengeneza orodha fupi ya ukalimani, na aliyeitengeneza ni shemeji, kwa sababu mimi sikuwa na haki ya kuamua kipi ni sawa na kipi. Mikia ilikuwa minne tu, kwa hiyo tuliiweka ndani ya safu nyingine, E, kwenye karatasi ya B:

```
=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(D2,"LLU","2RS"),
"DDU","2RS"),"2RS1","2RS"),"ZZ","2Z"),"2Z","ZZ")
```

Hapa ndipo ile UPPER ya mwanzo inapolipa deni. MATCH haijali herufi kubwa au ndogo, lakini SUBSTITUTE inajali: “llu” ndogo ingeachwa. Fomula ya kutafuta nayo tukaielekeza safu E ya B badala ya D. Mikia ingekuwa ishirini ningeweka jedwali la pembeni lenye safu mbili, namba yao na namba yetu, kisha nikatafuta humo kwanza.

Zikaoana 158. Zilizobaki 54 shemeji alizipitia moja moja kwa jicho dhidi ya PDF, na kweli B hanazo. Hiyo ndiyo #N/A tunayoitaka: yenye maana moja tu.

Kabla ya kugusa bei, kulikuwa na jambo moja la kukagua. MATCH ikikuta ufunguo mara mbili inachukua wa kwanza na kuondoka, haikwambii kuna mwenzake chini. Nikapima kwenye karatasi ya B:

```
=COUNTIF($E$2:$E$188,E2)
```

Kila jibu linalozidi 1 ni pacha. Zilikuwepo namba 9 za namna hiyo. 6203ZZ ilikuwepo ya kiwanda kisichotajwa juu, na ya NTN mistari miwili chini yake kwa bei zaidi ya mara mbili. Namba inakuhakikishia umbo, haikuhakikishii ubora. Kwa hizo 9 tu, tuliunganisha ufunguo na jina la kiwanda kwenye karatasi zote mbili, ukawa 6203ZZ|NTN, na kila moja ikapata mwenzake wa kweli.

Sasa bei. Nikaandika kutoa kwa kawaida, bei ya B dhidi ya bei ya A, na safu nzima ikajaa #VALUE!. Sababu ilikuwa ya kikwetu kabisa: A anaandika bei zake “4,500/=”. Kwa msomaji huo ni uungwana, kwa Excel hayo ni maandishi, na maandishi hayagawanyiki. Dawa ni kuchagua safu ya bei, kubonyeza Ctrl+H, kuandika /= kwenye kisanduku cha juu, kuacha cha chini kitupu, na kubadilisha zote. Bei zikahamia kulia kwa seli, dalili kwamba sasa ni hesabu.

Tofauti kwa asilimia nikaiweka kwa kugawanya bei ya B kwa bei ya A na kutoa 1. Mistari ikaanza kuonekana: –15%, –13%, –16%, –15%, –14%. Ukurasa baada ya ukurasa B alikuwa nafuu, na nafuu kwa kiasi kilekile.

“Si nilikwambia?” Shemeji alisema.

Soko haliendi hivyo. Muuzaji mmoja atakushinda kwenye ZZ na kushindwa kwenye 2RS, atakuwa na mzigo wa zamani wa bei ya zamani, atakuwa na faida kubwa kwenye zinazotoka polepole. Tofauti zikirundikana mahali pamoja namna ile, kuna kitu kimoja kilichozisukuma zote. Kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, Tanzania Bara ni asilimia 18. Ukichukua bei isiyo na kodi na kuigawanya kwa ileile yenye kodi, yaani 1 kwa 1.18, unapata pungufu ya asilimia 15 na robo. Tukafungua PDF tena. Chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, B aliandika kwamba bei zake hazijajumuisha VAT. Za A zimejumuisha.

Shemeji hajasajiliwa VAT, hivyo kodi anayolipa kwenye manunuzi hairudishiwi. Kwake ni sehemu ya gharama. Kwa hiyo bei ya B ndiyo ya kupandishwa. Angekuwa amesajiliwa tungelinganisha zote zikiwa bila kodi, na hapo kuna mtego: kuondoa VAT ni kugawanya kwa 1.18, si kupunguza asilimia 18. Bei ya 5,900 yenye kodi ni 5,000 bila kodi. Ukipunguza asilimia 18 unapata 4,838, na umejitengenezea punguzo ambalo hakuna aliyekupa.

Tukaweka 0.18 kwenye seli J1 peke yake, ili kiwango kikibadilika tubadilishe mahali pamoja, na fomula ya bei ya B kwenye karatasi ya A ikawa:

```
=INDEX(BEI_B!$C$2:$C$188,
MATCH(D2,BEI_B!$E$2:$E$188,0))*(1+$J$1)
```

Chukua ule mstari wetu wa 6203-2RS. A anauza 4,500. B kaandika 3,900. Mwanzo ilionekana B ni nafuu kwa asilimia 13. Ukiweka kodi, 3,900 inakuwa 4,602, na B ni ghali kwa shilingi 102, asilimia 2 na kidogo. Mnunuzi angebadilisha muuzaji na kutoa pesa zaidi huku akidhani anabana matumizi.

Mwisho ni safu ya alama, ile ambayo shemeji ataisoma bila kunipigia simu. Bei ya B iko E, tofauti iko F:

```
=IF(ISNA(E2),"HAIPO KWA B",IF(ABS(F2)<=0.02,"SAWA",
IF(F2>0,"B GHALI","B NAFUU")))
```

Asilimia 2 niliichagua kwa sababu wote wawili hukamilisha bei kwenye mia iliyo karibu, na tofauti ndogo kuliko hiyo mara nyingi ni ya kukamilisha tu. Duka jingine litachagua yake. Kuna wanaozungushia fomula ya kutafuta neno IFERROR na kuweka 0 pale bidhaa isipoonekana, ili karatasi ipendeze. Matokeo yake bidhaa asiyonayo B inaonekana ni nafuu kwa asilimia 100, yaani anaigawa bure. Afadhali karatasi mbaya.

Kisha nikapanga safu ya tofauti kuanzia kubwa kushuka, na kutazama vichwa kwanza, kwa sababu tofauti kubwa kupita kiasi huwa ni kosa. Mistari mitatu ya juu ilisema B ni ghali kwa zaidi ya asilimia 700. 6201ZZ, kwa mfano: A 2,400, B pamoja na kodi 21,240, asilimia 785 juu. Kwenye maelezo ya B kulikuwa na neno “boksi”. Ni bei ya beringi 10. Ukigawanya inakuwa 2,124 kwa moja, na B, aliyeonekana mnyang’anyi, ni nafuu kwa asilimia 11 na nusu. Hakuna fomula ingelijua hilo. Ilibidi mtu asome maelezo. Tuliongeza safu ya idadi kwa kila kifungashio na kugawanya.

Baada ya hapo, kati ya zile 158, 83 zilikuwa SAWA, 41 B GHALI, 34 B NAFUU. Shemeji akaweka pembeni idadi anayouza kwa mwezi na kuizidisha na tofauti ya shilingi. Orodha ikajipanga upya mbele yetu: kuna beringi kubwa ya mashine ambayo B ni nafuu kwa 9,000, lakini anauza moja kwa miezi miwili, na kuna ile 6201ZZ, nafuu kwa 276 tu, ambayo anauza 150 kwa mwezi.

Aliagiza kwa B aina 11. Nyingine zote bado anachukua kwa A.